Mchanga, boriti au chokaa? Kuchagua njia ya kazi ya sanaa itakayoliwa na maji, upepo na mvua huko Lamu

Kila msimu kuna kikundi cha vijana, mwalimu wa sanaa au msanii mgeni anayetaka kufanya kitu cha nje hapa visiwani: si picha ya kutundika ukutani, bali kazi inayoishi palepale ilipozaliwa, na ambayo jua, chumvi na mawimbi yataiendeleza mkono wa msanii ukishaondoka. Kisha mazungumzo hukwama. Mmoja anataka kuchora mchangani Shela, mwingine anataka kusimamisha nguzo za mikoko kwenye matope, na wa tatu anasema bila mawe na chokaa hiyo si Lamu. Wote watatu wana hoja. Nitaziweka njia hizi bega kwa bega ili uone ipi inaendana na muda, fedha na watu ulio nao.

Aina hii ya sanaa ilipata nguvu miaka ya mwisho ya 1960. Mfano unaotajwa zaidi ni Spiral Jetty, gati la mawe lililojikunja kama konokono, ambalo Robert Smithson alilijenga Aprili 1970 kwenye Ziwa la Chumvi huko Utah, Marekani. Lina urefu wa takriban mita 460. Alilijenga ziwa likiwa limepungua. Miaka michache baadaye maji yakapanda na kulifunika, na kwa sehemu kubwa ya miaka thelathini watu walilijua kwa picha tu. Ukame ulipolifunua tena mwaka 2002, mawe yake meusi ya volkano yalikuwa yamevikwa chumvi nyeupe. Hakuna aliyeyapaka rangi. Ziwa ndilo lililofanya.

Nimeitaja kazi hiyo kwa sababu moja. Swali lililoiongoza ndilo linalosahaulika hapa kwetu: nani ataiharibu kazi, na kwa kasi gani? Watu huanza na umbo, wakachora mviringo au jahazi au mlango wa Kiswahili, na baadaye ndipo wanatafuta vifaa. Mimi ningeanza upande wa pili. Amua kwanza unataka kazi ife kwa saa, kwa misimu au kwa miaka. Hilo likishaamuliwa, vifaa na mahali karibu vitajichagua vyenyewe.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza mambo yaleyale. Nani anayeiharibu, na kwa mwendo upi? Inahitaji kazi na fedha kiasi gani? Ruhusa unaipata kwa nani? Nini kinabaki mwisho, na nani anakiondoa? Mwishowe, inamfaa nani?

Jambo moja la kuondoa mezani mapema: vilima vya mchanga vya Shela si chaguo. Vinavutia, na upepo unavichonga kila siku, kwa hiyo kila mgeni huviona kama turubai tupu. Lakini vilima hivyo ndivyo vinavyonyonya mvua na kuhifadhi maji matamu ambayo kisiwa kinakunywa. Majani na mizizi ndiyo inayoushika mchanga. Ukichimba au kukanyaga sana, mchanga unaanza kuhama. Vitazame, vipige picha, kazi yako ifanye kwingine.

Njia ya kwanza: mchanga kati ya maji kupwa na kujaa

*Nani anayeharibu.* Bahari, mara mbili kila siku. Hapa ndipo hesabu inapolipa, na nitaifanya yote kwa sababu wengi huibahatisha.

Chukua ufuo wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, na siku ya maji bamvu ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 3. Kati ya mstari wa chini na wa juu una mita 150 za mchanga. Pwani yetu, siku hizo za bamvu, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi alasiri. Lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kama robo mita, ya pili nusu mita, ya tatu na ya nne robo tatu ya mita kila moja, kisha yanapunguza mwendo vilevile yalivyoanza. Kwenye mteremko wetu, robo tatu ya mita maana yake ni kwamba ukingo wa maji unasogea mita 37 ndani ya saa moja. Aliyejikuta katikati na reki mkononi anaijua kasi hiyo.

Sasa chora duara la kipenyo cha mita 30. Ukiliweka ili ukingo wake wa chini uwe katikati ya ufuo, mchanga huo utakuwa wazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Una saa sita za kazi. Maji yakishaligusa yatalimeza lote ndani ya dakika hamsini hivi, kwa sababu limekaa mahali maji yanapokimbia. Ukilipandisha juu zaidi, ukingo wa chini uwe robo tatu ya njia kuelekea mstari wa kujaa, unapata saa nane, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na kufa kwake kunachukua karibu saa moja na nusu, maji yakiingia kwa ulimi mmojammoja. Kwa watazamaji waliokuja kushuhudia, hilo la pili ni bora mara mbili. Bei yake ni kwamba mchanga wa juu hukauka upesi, na mchoro wa mchanga unategemea tofauti ya rangi: reki inapofukua, mchanga mbichi wa chini hutoka mweusi ukilinganisha na ngozi iliyokauka juu. Kwenye mchanga mkavu mno mistari inakuwa kivuli tu, na upepo wa kusi unaifuta kabla bahari haijafika.

Kuna na suala la mwanga. Saa nne asubuhi jua liko juu, na mistari haina vivuli. Ukitaka vivuli virefu vya asubuhi, tafuta siku ambayo maji yanapwa karibu saa moja asubuhi, yaani siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Siku hizo ufuo si mpana kama wa bamvu, lakini maji mafu, yale yenye tofauti ndogo kabisa kati ya kupwa na kujaa, yamekwisha pita. Upana au kivuli: vyote viwili kwa pamoja hupati asubuhi moja. Jedwali la kupwa na kujaa linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya litakusaidia, ila mvuvi mzee wa Shela atakujibu haraka kuliko karatasi.

*Kazi na fedha.* Ndiyo njia rahisi kuliko zote. Reki tatu au nne za bustani, kigingi, kamba yenye mafundo kila baada ya mita moja, na watu sita wanaojua kutembea bila kuacha nyayo pasipotakiwa. Hilo la mwisho ndilo gumu. Amua njia ya kuingilia na kutokea kabla ya mstari wa kwanza, na anzeni katikati mkitoka nje.

*Ruhusa.* Ufuo ni wa umma, lakini ongea na kikundi cha usimamizi wa fuo (BMU) cha hapo na wazee wa kijiji, hasa kama utaleta umati. Ukitaka kupiga picha kwa droni, unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), na kwa jinsi Lamu ilivyo eneo la ulinzi mkali, uliza pia serikali ya kaunti ndogo mapema sana. Wengi hukwama hapo. Njia mbadala ni kupiga picha kutoka mahali palipoinuka nyuma ya ufuo, na kulichora duara likiwa limerefushwa kuelekea kamera, ili jicho la juu lilione kuwa duara kamili.

*Kinachobaki.* Picha na kumbukumbu. Kama hujapanga mpiga picha, hujafanya kazi. Mwingereza Richard Long mwaka 1967 alitembea huku na huko kwenye uwanja wa nyasi mpaka mstari ukaonekana, akaupiga picha moja, akaondoka. Mstari wenyewe haukudumu, na picha ndiyo tunayoijua leo. Usitie chokaa wala rangi mchangani, wala usiache mashimo juu ya mstari wa maji, kwani huko ndiko kasa wanakopanda kutaga.

*Inamfaa nani.* Shule, kikundi kipya kisicho na mfuko, msanii anayejaribu wazo, au yeyote anayetaka watu wakusanyike siku moja kuutazama mwisho. Haimfai mtu ambaye mfadhili wake atakuja kukagua mwezi ujao.

Njia ya pili: nguzo za mikoko kwenye matope ya hori

*Nani anayeharibu.* Hapa waharibifu ni wengi, na kila mmoja ana sakafu yake. Sehemu ya juu ya nguzo, isiyofikiwa na maji, inapigwa na jua na kugeuka rangi ya fedha. Katikati, panapozama na kufunuliwa, chaza na jamaa zao wenye magamba magumu hushika na kupanda. Chini, karibu na matope, panaingia mdudu anayetoboa mbao za majini, yuleyule aliyewafanya mabaharia wetu wakaushe vyombo ufuoni na kuvipaka shahamu. Msanii anayejua hili anaweza kuitunga kazi juu yake.

Mfano: simamisha nguzo 10 kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo wa juu kwenda kwenye maji, mita 5 kati ya moja na nyingine. Kwenye mteremko uleule wa mita 1 kwa 50, mstari wa mita 45 unashuka sentimita 90. Vilele vyote viwe usawa mmoja. Nguzo ya kwanza itatokeza mita 1 juu ya matope na ya mwisho mita 1.9. Kanuni ya mafundi ni kuizika nguzo theluthi ya urefu wake wote, kwa hiyo ya mwisho inahitaji karibu mita 2.9, na huo ni urefu unaopatikana kwa wauzaji wa boriti. Siku ya kwanza zote zinafanana, za kuchosha hata. Baada ya msimu mmoja wa kusi, chaza wameweka mstari wao: juu sana kutoka matopeni kwenye nguzo za mbali, karibu na matope kwenye zile za karibu, na mstari huo ukiutazama kwa pembeni ni usawa wa bahari ulioandikwa na viumbe. Hii ndiyo kazi ninayoipenda zaidi kati ya zote tatu, nasema wazi, ingawa kupenda kwangu si sababu ya wewe kuichagua.

Mchongaji Antony Gormley alifanya jambo linalokaribiana na hili kwenye ufuo wa Crosby, Uingereza: sanamu 100 za chuma cha kusubu, zote za umbo la mwili wake, zimetazama baharini na hufunikwa maji yanapojaa. Zile za mbali zimevaa magamba na kutu tofauti na za karibu. Chuma lakini hakitobolewi na mdudu. Mkoko unatobolewa.

Jinsi ya kumjua mdudu huyo: usitafute shimo kubwa. Tundu la kuingilia ni dogo kama ncha ya pini, na nguzo inaonekana nzima. Ndani ndimo alimochimba njia pana, na ukipasua utaona kuta za njia hizo zimepakwa chokaa nyeupe. Kwa hiyo gonga. Kila bamvu, maji yakipwa, pita na nyundo ya mbao na gonga kila nguzo kiganja kimoja juu ya matope. Mlio mzito ni uzima. Mlio wa mtungi mtupu maana yake nguzo hiyo ing'olewe sasa. Ikikatika yenyewe, kisiki kitabaki chini ya maji, na kisiki kisichoonekana kinatoboa dau la mtu na mguu wa mchimba chambo.

*Kazi na fedha.* Wastani. Nunua kwa ukubwa wake: fito ni nyembamba mno, pau hutikisika, mazio au boriti ndizo zinazosimama. Watu wanne wenye mtaimbo wanaweza kusimamisha nguzo mbili au tatu katika kila maji ya kupwa, kwa sababu shimo la matope hujirudishia lenyewe na inabidi nguzo izungushwe huku na huku ishuke kwa uzito wake. Mkichimba shimo pana kama la msingi wa nyumba, nguzo itakaa kwenye uji na wimbi la kwanza litailaza. Panga siku nne au tano mfululizo za bamvu, kisha subirini bamvu lijalo.

*Ruhusa.* Ngumu kidogo. Mikoko hukatwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa hiyo nunua kwa mwenye leseni na uweke risiti. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya mikoko ya nchi hii, na kila mtu hapa ana jicho juu yake. Kisha kuna wavuvi. Hori linaloonekana tupu mchana huenda ni njia ya mashua usiku, au pahali pa nyavu, au palipokuwa na uzio wa samaki wa babu wa mtu. Kaa na BMU ya Matondoni au Kipungani, au ya popote unapopataka, na waachie wao wakuonyeshe pa kuweka. Funga kitambaa cheupe au kitu king'aacho kwenye nguzo ya mwisho. Na andikianeni ni nani atang'oa na lini.

*Kinachobaki.* Ukiisimamia vizuri, hakuna. Ukiiacha, visiki. Pia usishangae ukikuta nguzo mbili zimetoweka zikiwa nzima kabisa. Boriti ni mali, na mtu mwenye jiko au paa linalovuja hawezi kulaumiwa sana. Mmomonyoko wa mkono wa mwanadamu nao ni mmomonyoko.

*Inamfaa nani.* Kikundi kinachokaa Lamu mwaka mzima, chenye mtu wa kupita kila bamvu. Msanii wa wiki mbili asiiguse, isipokuwa ana mwenyeji aliyekubali kwa maandishi kuilea.

Njia ya tatu: ukuta wa mawe na chokaa

*Nani anayeharibu.* Mvua kwanza, chumvi pili, mizizi tatu. Kasi ni ya miaka. Ukitaka kuona mwisho wake, panda mashua maji yakijaa uende Takwa, kisiwani Manda. Mji ule uliachwa karne ya 17. Nyumba zimeshuka hadi magotini, na msikiti wa Ijumaa bado una kuta zake. Mibuyu imesimama palipokuwa na watu.

Ukuta wa kwetu ni wa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yakiunganishwa kwa udongo na chokaa, na kupakwa lipu ya chokaa. Unapoharibika hufuata mpangilio. Maji huingia juu, kwenye kichwa cha ukuta, si ubavuni. Yanashuka ndani, udongo unalainika, lipu inaachana na jiwe na kutuna. Ukigonga hapo kunalia utupu. Kisha lipu inaanguka kwa vipande, kiunganishi kinaoshwa kidogokidogo, mawe yanabaki yakishikana kwa uzito tu, na mbegu ya mtini iliyoletwa na ndege inamaliza kazi.

Ukijua kwamba kila kitu kinaanzia kichwani, unaweza kuuongoza uharibifu. Jenga ukuta wa mita 6, kimo mita 1.5, unene sentimita 45, yaani kama mita 4 za ujazo. Nusu yake ya kwanza ifunike kichwa kwa chokaa nzuri iliyotengenezewa mteremko. Nusu ya pili iache wazi. Ubavuni wote umepakwa sawasawa na siku ya ufunguzi hakuna atakayeona tofauti. Masika ya kwanza, ambayo Lamu hukolea Mei, itaanza kuandika upande mmoja na kuuacha mwingine. Ukitaka mstari wa kuanguka uwe na umbo fulani, kama wimbi au ngazi, panga mahali pa kufunika na pa kuacha kwa umbo hilo.

Tatizo ni saruji. Kila fundi wa leo atakuambia utie kidogo ili ishike haraka. Kataa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipumui, kwa hiyo unyevu na chumvi vinabanwa nyuma yake, na siku inapodondoka inaondoka kwa bamba zima pamoja na uso wa jiwe. Huo si uharibifu unaosomeka. Vilevile mchanga wa ufuoni usiooshwa kwa maji matamu utakutolea unga mweupe wa chumvi ukutani ndani ya miezi. Kuna msanii atakayesema unga huo ndio anaoutaka, na hapo ni sawa, mradi ameuchagua.

*Kazi na fedha.* Ghali kuliko zote. Mawe yanaletwa kwa punda au mashua. Chokaa ya asili hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ikae, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Ikishapakwa hukauka kwa kuvuta hewa pole pole, siyo kwa jua. Lipu iliyopigwa na jua kali siku ya kwanza itapasuka nyufa kama za nywele, kwa hiyo ifunikeni kwa magunia mabichi na mpake tabaka nyembamba. Miezi ya Julai hadi Septemba, masika yakishapita na joto la kaskazi halijafika, ndiyo mizuri. Tafuta fundi mzee. Atakugharimu zaidi, lakini kijana mmoja akifunzwa naye hapo umepata kitu ambacho bajeti haikukiandika.

*Ruhusa.* Mji wa Kale umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, na ndani yake hata lipu ina wenyewe: Makumbusho ya Taifa na kaunti. Ndani ya magofu kama Takwa usiguse jiwe kabisa. Tumia shamba au kiwanja cha mtu aliyekubali, na makubaliano yaseme nani anawajibika ukuta ukimwangukia mtoto. Kimo cha mita 1.5 nilikitaja kwa sababu hiyo. Usipandishe zaidi. Mawe yasitoke kwenye matumbawe hai ya baharini.

*Kinachobaki.* Rundo la mawe, ambalo kwa Lamu ni akiba ya mtu mwingine. Swali gumu ni jingine: ukuta ukianza kuanguka, utatengenezwa? Michael Heizer alichimba mtaro mkubwa kwenye kingo za nyanda za Nevada mwaka 1969 akauita Double Negative, na kuta zake zimekuwa zikiporomoka tangu hapo, huku mjadala wa kurekebisha au kuacha ukiendelea. Andika jibu lako kabla ya jiwe la kwanza, umpe mwenye kiwanja nakala, la sivyo baada ya miaka mitano mtu mwema atakuja na mfuko wa saruji.

*Inamfaa nani.* Mradi wenye fedha na mwenye ardhi, taasisi inayotaka kufunza ufundi, msanii ambaye yuko tayari kazi yake ikomae asipokuwepo.

Kwa hali yako

Una siku moja na darasa zima: mchanga, siku ya mwezi mpevu au kesho yake, duara juu ya katikati ya ufuo, mwanzo saa kumi na mbili asubuhi. Usiweke siku hiyo kwenye bango kabla hujalitazama jedwali.

Una wiki mbili na unaondoka: mchanga tena, lakini urudie umbo lilelile kila siku tangu maji mafu hadi bamvu. Picha zitaonyesha ufuo ukipanuka chini ya mchoro usiobadilika, na hapo bahari imekuwa mshirika wako badala ya kifutio.

Unaishi hapa, una subira na nyundo ya mbao, lakini mfuko ni mdogo: nguzo. Ikiwa BMU inasita, anza na tatu tu kwa miezi mitatu, uzing'oe mbele yao tarehe mliyokubaliana, ndipo uombe kumi.

Una mfadhili anayetaka kitu cha kuonekana mwaka ujao: ukuta. Mwambie mapema kwamba mwaka ujao utakuwa umeharibika kidogo na kwamba hicho ndicho alicholipia. Akigeuza uso, usimpeleke kwenye nguzo pia.

Kama uko Malindi badala ya Lamu, hesabu ya maji ni hiyohiyo, ila Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini mwa mji, na ufuo wa huko hubadilika rangi na upana kwa msimu. Mistari ya reki itatoka tofauti, kwa hiyo jaribu kipande cha mita mbili kwanza, kabla na baada ya mvua za bara.

Na kama mnabishana bado, kila mmoja na njia yake, jaribuni hivi: nendeni hori moja maji yakipwa, chukueni kipande cha mchanga, nguzo moja na mawe ishirini yaliyounganishwa kwa chokaa juu ya mstari wa maji, muviache hapo kuanzia mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine. Kisha rudini na nyundo.